Nirudishie Deni Langu

Wivu wa mwanamke juu ya mume nimeuona mara nyingi, na umenichosha. Wa Sindano ulikuwa wa aina nyingine. Yeye aliona wivu juu ya deni.

Sindano ni fundi cherehani, kibanda chake kinatazamana na duka langu la kuchapa na kutoa nakala. Jina hilo amepewa na mtaa, kwa sababu mbili: kazi yake, na ulimi wake. Ukimpelekea suruali ya kupunguza, atakupunguza na wewe. Mwembamba, mweusi wa kung'aa, futi ya kupimia iko shingoni hata akienda msibani. Kwa miaka kumi na mitano tumegombana na kupatana mara nyingi kiasi kwamba sikumbuki sasa hivi tuko upande gani.

Ana binti mmoja, na huyo hakumzaa. Mume wake, dereva wa lori, alimuoa akiwa tayari na mtoto wa miaka minne aliyeachiwa na mke wa kwanza, ambaye alikwenda mji mwingine kutafuta maisha na maisha yakamtafuna huko miaka kumi. Sindano ndiye aliyemfundisha yule mtoto kufunga kamba za viatu, ndiye aliyekesha naye na tetekuwanga, ndiye aliyemwandikisha sekondari na kuweka saini kwenye fomu. Mtoto anamwita mama. Basi mwaka juzi mama mzazi akarudi, nyama mwilini, akafungua duka la vipodozi upande wa pili wa soko, na mtoto akaanza kumwita naye mama. Tangu siku hiyo Sindano hakuwahi kutamka jina la yule mwanamke. Anasema "yule". Ukimuuliza yule nani, anakuangalia mpaka unajuta.

Jumanne moja asubuhi aliingia dukani kwangu bila salamu, akaweka karatasi juu ya kaunta.

"Niandikie barua. Ya kuomba muda wa ada. Ijumaa ndiyo mwisho, la sivyo mtoto hapewi kadi ya mtihani."

Ilikuwa taarifa ya ada kutoka shuleni, imechapwa Jumatatu. Nikavaa miwani. Salio la muhula uliopita, elfu kumi na mbili na mia tano. Ada ya muhula huu, elfu thelathini. Chini kabisa, kwa herufi nzito: salio, elfu thelathini kamili. Watu wote wanaoletewa karatasi hizi husoma mstari wa chini tu, kisha wanashika kichwa. Sindano naye hakuwa amesoma zaidi ya hapo.

Nieleze kwanza jinsi barua zinavyoandikwa kwangu siku hizi. Zamani nilikuwa naziandika mwenyewe, nusu saa kila moja, na nilijulikana. Watu walikuwa wanatoka mitaa mitatu mbali kwa ajili ya "naomba kuwasilisha kwako kwa heshima na taadhima" yangu. Sasa kuna programu kwenye kompyuta, mimi naiita Karani. Unaskani karatasi, unaipakia, unaipa maelezo mawili matatu ya mhusika, na kabla hujakohoa barua imekaa mbele yako, haina kosa, haina hata jasho. Malipo yangu yamepungua nusu. Siipendi. Naitumia kila siku.

Nikaiskani taarifa, nikaipakia. Nikamuuliza Sindano maelezo, naye akayatema moja moja: mume amevunjika mguu, ana plasta, lori limepewa dereva mwingine, mwezi wa pili sasa haingizi kitu. Yeye ana oda ya sare sitini za shule ya chekechea, nusu ya malipo atapewa tarehe tano mwezi ujao, nusu nyingine akikabidhi mzigo. Anaomba alipe kwa awamu.

"Awamu ngapi?"

"Tano, sita hivi."

"Wewe, huyu mtoto yuko mwaka wa mwisho. Huu ndio muhula wa mwisho. Mhasibu hawezi kukubali tarehe ya baada ya mtihani, mtoto akishaondoka atamdai nani?"

Akafikiri. "Tatu basi. Elfu kumi kumi. Ya mwisho wiki moja kabla ya mtihani."

Nikaandika hivyo. "Kingine?"

"Andika kwamba hatuna mtu mwingine wa kutusaidia."

Nikaandika. Karani akaleta barua nzuri kuliko zangu zote, Mungu anisamehe, lakini chini yake akaweka maelezo kwa ajili yetu. Nikayasoma kwa sauti, kwa sababu Sindano hakuwa na miwani.

"Nimeona muhula huu kuna malipo mawili kutoka kwa walipaji wawili tofauti: elfu mbili na mia tano, na elfu kumi. Sentensi isemayo hakuna mtu mwingine wa kusaidia inaweza kupingana na malipo ya pili, na shule inaweza kuuliza. Je, mlipaji wa pili ni mwanafamilia?"

"Elfu kumi gani?" Sindano akasema. "Mimi nimelipa elfu mbili na mia tano."

Nikaishika taarifa, nikafuata mstari kwa kidole. Tarehe kumi na nne. Malipo kwa simu. Elfu kumi. Na jina la mlipaji limeandikwa wazi, majina yote mawili, jina ambalo halitamkwi mbele ya Sindano.

Sikulisoma. Nilimgeuzia tu karatasi na kuweka kidole pale.

Aliivuta futi shingoni akaizungusha kidoleni, na mtu asiyemjua angedhani anapiga hesabu. Mimi nilijua si hesabu.

"Nilimkataza," akasema mwishoni. "Likizo alikuja kibandani kwangu, amejipulizia manukato mpaka mteja akapiga chafya. Eti atalipa muhula wote huu wa mwisho. Nikamwambia mtoto huyu nimemlipia mihula kumi na moja, wa kumi na mbili haunishindi. Nikamwambia ondoka. Mume wangu akanuna siku tatu. Kumbe walizunguka nyuma yangu! Namba ya mtoto ya kulipia ada angeipata wapi kama si kwa yule kiguru mwenye plasta?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Sindano hakuwa anaomba muda kwa sababu pesa zimekosekana. Pesa zilikuwepo, tena upande wa pili wa soko tu, zinanukia manukato. Alikuwa anaomba muda ili zisije.

"Si ukubali tu," nikamwambia. "Mtoto afanye mtihani, mambo yaishe."

"Wewe una watoto wanne, umewazaa wote. Usinifundishe."

Nikarudi kwenye kibodi. Alikuwa na haki hiyo.

"Ufute huo mstari," akasema.

"Siwezi kuufuta kwenye taarifa ya shule. Nitaambatanisha hiyohiyo."

"Kwenye barua, basi. Aandike nilicholipa mimi."

Nikamwuliza Karani, kwa sababu nilitaka aonekane yeye ndiye mkorofi. Akajibu kwa adabu zake kwamba tukitaja malipo ya elfu mbili na mia tano peke yake, salio halitakuwa elfu thelathini bali elfu arobaini, na barua haitalingana na kiambatisho. Akapendekeza tuseme "jumla ya malipo ya muhula huu ni elfu kumi na mbili na mia tano" bila kumtaja mlipaji, na ile sentensi ya kukosa msaada tuiondoe.

"Kwa hiyo mashine nayo iko upande wake," Sindano akasema.

"Iko upande wa hesabu."

"Haya. Lakini mahali pa ile sentensi andika hivi: tangu kidato cha kwanza nimelipa ada ya mtoto huyu kwa cherehani yangu. Hilo nalo litapingana na nini?"

Halikupingana na kitu. Likaandikwa. Nikachapa, akasaini, na mkono wake ukatoboa karatasi kidogo kwenye nukta ya mwisho.

Kesho yake tulikwenda shuleni pamoja, mimi nikiwa na rimu nne za karatasi za ofisi ya mhasibu, maana huwa nawauzia. Sindano alikuwa amevaa gauni lake la heshima. Njiani alikuwa anaikariri barua yake midomo ikicheza.

Mhasibu wa shule ni kijana mwenye kitambi cha mapema na moyo mzuri anaouficha kwa kukunja uso. Akapokea barua kwa mikono miwili, akaisoma yote, jambo ambalo hulifanya kwa nadra. Alipofika kwenye sentensi ya cherehani akamtazama Sindano, akaendelea. Mwisho akasema, "Barua nzuri, mama. Awamu zinaeleweka. Ningekubali." Halafu akatazama taarifa iliyoambatanishwa. "Ila hii ni ya Jumatatu."

Akabonyeza kompyuta yake, akasubiri, akakigeuza kidogo kioo chake kituelekee.

"Salio lako ni sifuri, mama. Imelipwa jana jioni, elfu thelathini yote. Hongera. Kadi ya mtihani mtoto anaweza kuchukua hata leo."

Mzazi mwingine angepiga vigelegele. Nilimgeukia Sindano nikiwa tayari nimetoa meno nje, nikayarudisha haraka.

"Nani kalipa?"

Mhasibu akasoma jina. Alilisoma vizuri, kwa sauti ya ofisini, herufi zote.

"Zirudishe," Sindano akasema.

"Samahani?"

"Mrudishie pesa zake. Nirudishie deni langu."

Nimekaa kwenye kaunta miaka mingi. Nimeandika barua za watu wanaoomba kusamehewa madeni, kupunguziwa, kusahauliwa, mpaka wanaokana kwamba walikopa. Sijawahi kumsikia mtu anaomba arudishiwe. Mhasibu naye hakuwahi. Alivua miwani kuifuta ingawa ilikuwa safi.

"Mama, haiwezekani. Pesa ikishaingia kwenye akaunti ya mwanafunzi, anayeweza kuomba irudishwe ni aliyeilipa, tena kwa maandishi. Na kwa nini arudishiwe? Mtoto anadaiwa, ada imelipwa."

"Mimi ndiye niliyemwandikisha."

"Najua. Faili linasema hivyo. Mzazi aliyesaini ni wewe."

"Huu ulikuwa muhula wa mwisho," akasema Sindano, na safari hii sauti ilipasuka. "Mwakani hakuna ada. Hakuna muhula mwingine wa mimi kumalizia. Nimefika mlangoni, yule ndiye kaingia."

Mhasibu alinitazama mimi, kana kwamba mimi nina fomu ya jambo hilo. Kisha akafanya kitu cha akili. Alichapa taarifa nyingine, si ya muhula huu bali ya miaka yote minne, tangu siku ya kwanza. Mashine ikatoa kurasa tatu. Akazigonga mezani zikae sawa, akampa. "Hii ni haki yako kuwa nayo, mama," akasema. Nikamuuliza kama rimu zangu atalipa leo, akasema Ijumaa. Tukatoka.

Siku mbili Sindano hakuongea na mume wake. Nilijua kwa sababu dereva alinipigia simu akiuliza kama ninauza chakula. Nilimwambia nauza bahasha. Alikiri mwenyewe kwamba ndiye aliyetoa namba, na kwamba Jumanne baada ya kusikia habari za barua alimtumia ujumbe mke wake wa zamani kwamba muda umekwisha.

"Nilidhani nampunguzia mzigo, shemeji," akasema.

"Umempunguzia," nikamwambia. "Sasa kaa hapo na njaa yako."

Ijumaa saa nne Sindano akaja na kurasa zile tatu chini ya kwapa.

"Ile barua ipo bado kwenye mashine yako?"

"Ipo."

"Badilisha anayeandikiwa. Mambo ya shule yatoe. Elfu thelathini ni zake, pamoja na ile elfu kumi ya mwanzo ni arobaini. Nitamlipa. Awamu nne, elfu kumi kumi, kuanzia tarehe tano. Naomba anipe muda."

"Hajakudai."

"Ndiyo maana naandika."

Nikampa Karani barua ya zamani na taarifa mpya, nikamweleza. Akauliza, kama kawaida yake, swali ambalo hakuna mtu mwenye akili zake angethubutu kuliuliza: kwa kuwa shuleni hakuna deni tena, je, hii ni barua ya kukiri deni binafsi? Na anayeandikiwa aitwe nani, ana uhusiano gani na mwombaji?

Nikamsomea. Sindano akaketi kwenye stuli ya wateja.

"La kwanza, ndiyo. Nakiri deni."

"Na la pili?"

Mteja aliingia kutoa nakala za kitambulisho, nikamhudumia, akatoka. Sindano alikuwa bado anatazama sakafu.

"Andika 'Kwa mama mzazi'," akasema. Nilipoanza kubonyeza akasema, "Futa." Nikafuta. "Andika 'Kwa bibi mwenye duka'." Nikaandika. "Futa, ataona namwogopa." Nikafuta. Mwishowe akalitaja jina lake. La kwanza tu, kwa sauti ndogo, kama anayelipima kama linamtosha. Nikaliandika.

Barua ikatoka. Chini ilikuwa na neno "Viambatisho", limebaki kutoka ile ya kwanza, nami nikamuuliza kama nilitoe.

"Liache. Namwambatanishia taarifa. Asije akasema nimezidisha au nimepunguza." Akaweka zile kurasa tatu ndani ya bahasha pamoja na barua, akainama akailamba gundi. "Utampelekea wewe. Mimi kule sikanyagi."

Nikafunga duka, nikaenda. Yule alikuwa anapanga chupa kwenye rafu, mwanamke mnene mwenye mikono mizuri. Aliposikia bahasha imetoka kwa nani, akazifuta zile chupa mbili zilizokuwa mkononi ingawa hazikuwa na vumbi. Akasoma barua amesimama. Sikuona uso wake ukibadilika. Halafu akafungua kiambatisho.

Hapo alikaa chini. Alipitia ukurasa wa kwanza polepole. Kila mstari ulikuwa na tarehe, kiasi, na jina la mlipaji, na jina lilikuwa moja. Elfu moja. Mia nane. Elfu tatu. Mia tano, siku moja kabla ya sikukuu. Elfu mbili, na kesho yake elfu moja nyingine. Ukurasa wa pili, hivyo hivyo. Nikasikia anahesabu chini chini, na mahali fulani karibu na katikati sauti ikapotea, ikabaki midomo tu inahesabu. Ukurasa wa tatu, chini kabisa, ndipo palipokuwa na jina lake, mara mbili.

"Una kalamu?" akaniuliza.

Mtu wa stationeri hakosi kalamu. Akaandika palepale, chini ya salio sifuri, akazikunja kurasa zote tatu, akanirudishia. Hakunipa ujumbe wa mdomo. Macho yake yalikuwa mekundu, na nilipotoka aliita mteja kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Nilisoma njiani. Nani asingesoma?

Sindano alikuwa cherehanini, amezungukwa na sare ndogo za chekechea, hakuinua macho.

"Amekubali awamu?"

"Soma mwenyewe."

"Sina miwani."

Nikamsomea. Yule alikuwa ameandika hivi: *Sitaki pesa. Kila mwaka alipokuwa anakua mimi sikuwepo, na leo nimeiona karatasi yenye jina lako mara sabini na tatu. Nilitaka langu liwemo. Dada, wewe una kurasa tatu. Niachie mistari miwili.*

Mguu wa Sindano ulikuwa bado kwenye kanyagio, lakini cherehani ilikuwa imesimama. Alininyang'anya karatasi zote, akazileta karibu na pua, akatafuta kwa kidole. Akaupata mstari wa kwanza, akaupata wa pili, akaigusa yote miwili. Kisha akarudi juu kabisa, ukurasa wa kwanza, akaanza kuhesabu jina lake mwenyewe. Nilisimama pale jua linanichoma kisogo, wateja wangu wawili wanagonga mlango uliofungwa ng'ambo, naye akahesabu mpaka mwisho.

"Sabini na nne," akasema. "Amekosea kuhesabu."

"Unataka nimrudie nimwambie?"

Akazikunja karatasi kwenye mikunjo ileile, akazitia kwenye kopo la vifungo, akafunika. Akavuta sare nyingine chini ya sindano.

"Mwambie achukue miwili yake," akasema. "Lakini wa tatu asithubutu."